Kitambaa kianikwe wapi? Mazungumzo ya hedhi na wasichana wa shule ya ufukweni

Swali: Shikamoo dada nesi. Mimi ni mwalimu wa malezi kwenye shule ya msingi huku ufukweni, nje kidogo ya Mwanza mjini. Tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama, nimepangiwa kuzungumza na wasichana wa darasa la 5 hadi la 7. Mwaka jana niliongea dakika 40, nikauliza nani ana swali, wote wakainamisha vichwa. Wiki iliyofuata nikamkuta mmoja wao anafua vitambaa vyake ziwani giza likiingia, ili asionekane. Niseme nao nini, na kwa maneno gani?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Huyo uliyemkuta ziwani ndiye amekupa somo la mwaka huu. Mimi ningeanzia kwake, bila kumtaja wala kumtazama, na mazungumzo yote ningeyaacha yafuate kile kitambaa chake: kimelowa kiasi gani, kinafuliwa wapi, kinaanikwa wapi. Wasichana ninaokutana nao Ilemela na ng'ambo ya Sengerema wengi wameshafundishwa habari za yai na kizazi darasani, hata wanaweza kuchora. Ambacho hawajaambiwa na mtu ni pa kuanika.

Kabla ya yote, maswali. Nilikuwa na desturi ya kuacha kisanduku kwenye kona ya darasa wanafunzi watumbukize karatasi. Kwenye shule moja nilikifungua baada ya wiki nzima nikakuta karatasi mbili tu, kwa sababu kila aliyesogea karibu na kile kisanduku alitazamwa na darasa zima. Sasa nafanya hivi: siku mbili kabla ya mazungumzo, kila msichana anapewa karatasi ya ukubwa mmoja, peni zote za rangi moja, na wote wanaandika kwa wakati mmoja. Asiye na swali anaandika alichokula jana jioni. Hapo hakuna anayejua nani kauliza na nani kaandika ugali na sato. Zisome mwenyewe usiku, uzipange, ili siku yenyewe usishtuke mbele yao. Wakikuona umeshtuka, wamefunga midomo mpaka mwakani.

Siku ikifika, waketi wamezunguka, wavulana wawe na mwalimu wao mahali pengine wakifundishwa jambo hilohilo, nawe uanze taratibu hivi:

"Wanangu, leo hakuna atakayesimamishwa, wala hakuna atakayeulizwa kama ameshavunja ungo au bado. Wapo wanaoanza wakiwa na miaka 10, wapo watakaoanza wakiwa na 15, na wote wako sawa. Kila mwezi kizazi hujitandikia utando laini kwa ndani. Usipohitajika, hubomoka na kutoka pamoja na damu kidogo. Damu hiyo si uchafu uliorundikana, si adhabu, wala si dalili kwamba binti amelala na mwanaume. Maswali yenu ninayo hapa, na nimefurahi kwamba mmeniuliza mimi."

Halafu toa kijiko. Katika karatasi utakazopata, hakika moja itakuwa na swali la aina hii: "Damu yangu ni nyingi, je nitaishiwa?" Usilijibu kwa maneno matupu. Chemsha rozela kidogo ipoe, uwe na kipande cha kanga kilichokunjwa na kijiko cha chakula. Mimina vijiko vitatu juu ya kanga, kimoja kimoja, wakiangalia. Ile rangi inasambaa mpaka ukingoni na utawasikia wakishusha pumzi. Waambie: "Mnaona ilivyotapakaa? Lakini mmehesabu wenyewe, ni vijiko vitatu. Wengi wetu hutokwa na vijiko viwili au vitatu, na hiyo ni kwa siku zote za hedhi kwa pamoja. Mwili unairudisha."

Hapohapo waeleze mpaka wa kawaida, kwa sababu yupo ambaye yeye kweli damu yake ni nyingi. Hedhi ya kawaida huchukua siku 2 hadi 7. Vipande vidogo kama maini ni kawaida. Kitambaa au pedi ikilowa yote ndani ya saa moja au mbili, na hali ikawa hiyo kwa saa kadhaa mfululizo, au vipande vikiwa vikubwa kuliko kifuniko cha chupa ya soda, au damu ikapita siku 7, au kizunguzungu kikamshika akisimama, huyo apelekwe kituo cha afya apimwe wingi wa damu. Huku kwetu malaria na minyoo huwa vimeshakula sehemu ya damu ya mtoto kabla hedhi haijaanza, kwa hiyo usimwambie avumilie.

Atakuwepo pia wa "mwezi uliopita sikupata." Wafundishe kuhesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa binti wa umri wao, siku 21 hadi 45 ni kawaida, na katika miaka miwili ya mwanzo tarehe huyumba sana. Kisha ongeza sentensi moja, kwa sauti ileile, usiipandishe: "Lakini kama kuna aliyelala na mwanaume, kwa kutaka au kwa kulazimishwa, na siku zake zimepita, aje kwangu, sitamfokea." Ukishaisema endelea mbele. Atakayehitaji ameshaisikia.

Sasa tuje kwenye kitambaa. Pedi za dukani ni nzuri, lakini nyumba nyingi za wavuvi hazinunui kila mwezi, na binti akiambiwa pedi tu anaona somo si lake. Kanga ya pamba iliyochakaa inafaa kabisa. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, kikunje kwa urefu katika sehemu tatu sawa, upate mkanda wenye tabaka tatu. Siku ya damu nyingi weka viwili. Awe navyo sita walau, maana vinavyovaliwa ni viwili, vilivyolowa viwili, na vikavu viwili vinasubiri. Kinachonyonya vibaya ni kitambaa cha nailoni, na kibaya zaidi ni sponji la godoro, ambalo wasichana hulinyofoa bila kusema. Linamomonyoka na vipande vyake hubaki ndani. Litaje kwa jina, kwa upole, kwa sababu wapo humo darasani wanaolitumia.

Kubadilisha ni kila baada ya saa 4 hadi 6, isipite 8. Usiwaachie hesabu, wape kwa ratiba ya shule: aliyevaa saa 12 asubuhi akitoka nyumbani, abadilishe mapumziko ya saa 4, na tena saa 8 mchana. Kilichotumika kirudi nyumbani ndani ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko, na kifuliwe siku hiyohiyo. Kikilala na unyevu humo ndani, asubuhi harufu yake itamtoa machozi.

Nikueleze kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kuuliza swali la kuanika. Binti wa darasa la 6 aliletwa na mama yake mara tatu katika miezi mitatu. Kila mara ni michubuko sehemu za siri mpaka mapajani, muwasho, na ute mweupe wa mabonge kama maziwa mgando. Ni fangasi. Nilimpa dawa, alipona, hedhi ikija na kuondoka tu, muwasho unarudi. Mara ya tatu nikamwomba aniletee kitambaa anachotumia. Akaja nacho kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka. Kilikuwa kimekunjwa vizuri, cheupe, kimefuliwa kwa bidii. Nikakiweka shavuni: kilikuwa cha baridi. Nikakinusa: harufu ya dekio. Nikamuuliza kimekauka lini, akasema kiko chini ya godoro siku ya nne. Mbona si kwenye kamba? Akamtazama mama yake kwanza, kisha akasema shangazi amemwambia kikionwa na jicho la mtu hatazaa.

Huyo binti hakukosa usafi hata kidogo. Alikosa jua. Tulimkatia vitambaa vipya sita, akapewa dawa mara ya mwisho, na mama yake akakubali vianikwe uani vikiwa vimefunikwa kanga nyepesi. Muwasho haukurudi tena.

Kwa watoto wa ufukweni huhitaji kutafuta mfano mbali. Mimi huwaambia hivi: "Dagaa wakianikwa juani siku nzima wanakuwaje? Na wakikusanywa kabla hawajakauka, wakafungiwa gunia, kesho yake wanakuwaje?" Watacheka na kuziba pua. "Basi kitambaa kilichofuliwa kikawekwa chini ya godoro ni hao dagaa wa guniani. Kitu chenye unyevu kikivaliwa pale ambapo pana joto na msuguano, fangasi wanashamiri na ngozi inachubuka. Kabla hujavaa, kiweke shavuni. Kikiwa cha baridi, bado. Kinuse. Kikinuka dekio, rudisha kwenye maji na sabuni." Wakiuliza wakati wa mvua, pasi ya mkaa pande zote mbili mpaka mvuke uishe kutoka.

Sasa lile la jicho la mtu. Litakuja kwa sura nyingi: kikionwa utakuwa mgumba, kikiokotwa utalogwa, ukichoma pedi umechoma kizazi. Jibu langu huwa moja: "Damu ikishatoka mwilini haina kamba inayoirudisha kwenye kizazi chako. Ni kama kucha uliyokata. Ukiichoma, kidole hakiumi. Mamilioni ya wanawake pedi zao huchomwa kila mwezi, na wanazaa." Lakini usimdharau shangazi. Alichokuwa akikilinda ni staha, na staha tunaweza kuiacha pale ilipo: kamba ya nyuma ya nyumba, kitambaa kwenye mstari, juu yake kanga nyepesi isiyobana upepo. Kanga hiyo haizuii joto la jua kukikausha. Binti akipewa njia inayomheshimu bibi yake na kumwepusha na muwasho, ataifuata. Akiambiwa tu kwamba bibi ni mjinga, atarudi kwenye godoro.

Naomba sana jambo moja hapa, mwalimu. Usibadilishe hofu moja kwa nyingine. Nimesikia watoa mada wakiwaambia mabinti kwamba kitambaa kibichi kitawapa ugumba au saratani. Si kweli, na yule aliyetumia kitambaa kibichi mwaka mzima atakesha akilia. Muwasho na michubuko ni sababu za kutosha.

Kufua sasa, na hapa ndipo tunafika ziwani. Kitambaa chenye damu kinaanza na maji baridi. Maji ya moto yakitangulia, damu hushika kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Kiloweke nusu saa, kisugue kwa sabuni ya mche, suuza mpaka maji yatoke meupe, kamua, kunjua, anika. Maji hayo yasiwe ya ziwani akiwa amesimama ndani yake. Waambie kwa nini: "Kwenye nyasi za kando ya ziwa wanaishi konokono, na kutoka kwa konokono wanatoka vijidudu vya kichocho, hawaonekani kwa macho. Wanapenya ngozi ya miguu na mikono ndani ya dakika chache tu. Mchana ndio wengi zaidi, lakini jioni si kwamba wamekwenda kulala." Kama hakuna bomba, maji ya ziwa yachotwe na mtu mzima, yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili bila konokono ndani. Vijidudu hao hawaishi muda huo wote wakikosa mtu wa kumwingia, na maji hayo yatafaa kufulia na kujisafishia, si kunywa hivihivi.

Na kwa kuwa tumegusa kichocho, soma karatasi zako kwa makini utafute swali moja ambalo mara nyingi huandikwa vibaya kwa aibu. Mimi lilinifikia hivi: "Mimi hedhi yangu inakuja nikikojoa tu, inakuja kila siku." Hiyo si hedhi. Damu inayotoka mwishoni mwa mkojo, tarehe yoyote, na chupi ikabaki kavu, inaelekea kichocho cha mkojo. Ufukweni kwenyewe kinachotawala ni kichocho cha tumbo, kile cha mkojo hukutwa zaidi kwenye malambo na madimbwi ya bara, lakini wanafunzi wako wana babu na bibi Misungwi na Kwimba na huko huenda likizo. Mayai ya kichocho hicho hujichimbia pia kwenye njia ya uzazi, yakaleta vidonda na matone ya damu katikati ya mwezi. Familia hudhani binti amevunja ungo mapema, au humshuku uhuni. Kipimo ni mkojo, hasa wa saa za mchana, na dawa ni prazikwanteli, ileile wanayomezeshwa shuleni. Jibu darasani kwa sentensi mbili, kisha waambie wote, "yeyote anayeona damu kwenye mkojo aniambie, tutakwenda kupima."

Kuoga hakuhitaji maneno mengi. Kila siku, nje tu, kwa maji safi, kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Ndani hakuingizwi sabuni, detoli wala shabu. Maji baridi hayagandishi damu tumboni.

Lipo swali linaloniumiza, na nakutahadharisha utalikuta: "Ni kweli nikilala na mwanaume maumivu ya tumbo yataisha?" Mtoto wa miaka 12 hajalitunga hilo mwenyewe. Kuna mtu mzima amemwambia, na kwa sababu zake. Usiulize mbele ya wenzake ni nani. Jibu waziwazi: "Hapana. Maumivu yanatoka kwenye kizazi kinachojiminya kusukuma utando utoke. Mwanaume hana dawa ya hilo, na anayekuambia hivyo anakutaka yeye, si kukuponya. Jiwekee chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa tumboni, tembea, usijikunje kitandani siku nzima. Ukiumwa sana kuna paracetamol au ibuprofeni, kwa kipimo cha umri wako, na ibuprofeni huliwa baada ya chakula." Mwenye vidonda vya tumbo au pumu asipewe ibuprofeni bila kuuliza kituoni. Na anayekosa shule kila mwezi, au anayeumwa hata siku zisizo za damu, aje kuonwa. Baada ya mazungumzo kaa darasani nusu saa peke yako, mlango wazi, ukijishughulisha na madaftari. Mwenye karatasi ile anaweza kurudi kuchukua kitu alichosahau. Akikutajia mtu, usimwahidi kuwa itabaki siri yenu. Mwambie utamsaidia, kisha siku hiyohiyo mpeleke kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au dawati la jinsia polisi.

Litabaki la bustani na mtumbwi. Kwamba akiingia kwenye mchicha akiwa kwenye siku zake unanyauka, na akigusa nyavu au mtumbwi samaki hawaingii. La mchicha limalizeni wenyewe: matuta mawili nyuma ya darasa, moja limwagiliwe na yeyote, jingine na walio kwenye siku zao tu, na anayejua zamu ni mwanafunzi kiongozi mmoja wanayemwamini, asiandike popote. Mchicha hauchukui hata wiki 5 kuliwa. La nyavu ni gumu zaidi, kwa kuwa mwenye nyavu ni baba wa mtu na anaamini riziki yake iko hapo. Mimi siwatumi mabinti kwenda kubishana na wavuvi. Nawaambia: "Samaki hajui uko tarehe gani. Lakini baba akikukataza kugusa nyavu, usiguse, na usiondoke hapo ukiamini wewe ni mkosi." Ila kwa wanaovuka kuja shule, sema na wazazi mapema. Binti asiachwe nchi kavu siku 5 kila mwezi kwa sababu ya mtumbwi wa abiria.

Mwisho ni kazi yako kabla ya tarehe 28. Tafuta mahali nyuma ya chumba chako panapopata jua kuanzia saa 4, pawe na ukuta au uzio wa makuti upande wa wavulana, ufunge kamba mbili. Weka beseni, kipande cha sabuni, ndoo yenye kifuniko, vibanio, na kanga mbili nyepesi za kufunikia. Anika hapo vitambaa vyako mwenyewe kwanza, siku tatu kabla, uviache tu. Wakija kuchukua chaki wataviona, na hakuna atakayekuuliza chochote.